Depuis, il y a, pendant na pour: muda wa aina nne

Muuguzi kutoka Kigoma anayefanya kazi Bujumbura anataka kusema kwa Kifaransa: “Nimeishi Bujumbura kwa miaka mitatu.” Anaandika: J’ai habité à Bujumbura pendant trois ans. Sarufi haina kasoro, lakini Mfaransa ataelewa kwamba amekwisha kuhama. Kiambishi -me- na neno “kwa” havikatai kwamba bado yupo. Passé composé pamoja na pendant hufunga mlango.

Sentensi aliyoihitaji ni J’habite à Bujumbura depuis trois ans. Depuis hutaja muda unaoendelea: jambo lilianza zamani na sasa halijakoma, ndiyo maana kitenzi kinakaa katika wakati uliopo. Kiswahili nacho kina njia hiyo tunaposema “mwaka wa tatu huu naishi Bujumbura.” Depuis hutangulia pia tarehe ya kuanzia, kama “tangu”: depuis 2021. Katika ukanushi, hata hivyo, passé composé inakubalika: Je ne l’ai pas vu depuis deux ans, yaani sijamwona kwa miaka miwili.

Il y a hupima umbali kutoka sasa kurudi nyuma hadi tukio lenyewe. Je suis arrivée il y a trois ans ni “nilifika miaka mitatu iliyopita.” Hapa kufika kulitokea mara moja kukaisha, ilhali kuishi kunaendelea. Basi safari ileile inaweza kuzaa sentensi mbili sahihi, moja ya il y a na nyingine ya depuis, kutegemea kitenzi.

Pendant hutaja muda wenye mwanzo na mwisho. Kabla ya Bujumbura, muuguzi huyu alikaa Bukavu: J’ai habité à Bukavu pendant deux ans. Akitaja muda uliopangwa baada ya kitenzi cha kwenda au kuja, atatumia pour: Je pars à Lubumbashi pour six mois. Miezi hiyo sita ni makusudio. Huenda isitimie au ikazidi. Tofauti inaonekana wazi katika Je suis venue pour six mois, mais je suis restée pendant un an: nilikuja kwa nia ya kukaa miezi sita, lakini nilikaa mwaka mzima. Kiswahili kinaweza kuweka “kwa” kabla ya muda wa aina zote hizi mbili, na hapo ndipo wengi wetu tunapoandika J’ai travaillé pour deux ans, pahali pa pendant.

Kwa Kiswahili napendekeza aina hizi nne tuziite muda unaoendelea (depuis), umbali wa tukio (il y a), muda uliofungwa (pendant) na muda uliokusudiwa (pour). Kabla ya kuchagua, jiulize kwanza: jambo hili bado linaendelea? Likiwa linaendelea, ni depuis. Likiwa limekoma, tazama kama unataja lini lilitokea au lilidumu kiasi gani.