Badala ya nini?

Mtunza stoo mmoja wa mkandarasi, tuseme yuko Milepa, kule bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, amefanya kazi wiki nne mfululizo kwenye ujenzi mkubwa. Kila Jumatatu hadi Ijumaa amebaki saa mbili baada ya wenzake kuondoka, akipokea saruji na nondo zinazoshushwa jioni. Sasa mpunga wake umekomaa. Fedha anazipenda, lakini kwa wiki hii siku za kuvuna zina thamani kubwa kuliko noti. Anaandika barua, na hapo juu, kwenye mstari wa YAH, kalamu inasimama: aite nini anachoomba?

Mdomoni jina lipo: ofu. "Nina ofu zangu tano, bosi." Lakini ofu ni neno pana mno. Jumapili ni ofu, na anayeomba kumpeleka mtoto zahanati naye anapewa ofu. Wengine huandika "likizo ya fidia", na hapo kuna mitego miwili. Likizo ina daftari lake: sheria inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na karani asiye makini akiona neno hilo atapunguza siku kutoka humo humo. Fidia nayo, kazini, imeshazoeleka kwa mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mfuko mzima wa taifa unabeba jina hilo.

"Mapumziko badala ya saa za ziada" inakaribia, ila imekosea kidogo. Saa za ziada zimeshafanywa. Hakuna kinachoweza kukaa badala yake. Kinachobadilishwa ni malipo yake. Kwa hiyo mimi naandika "mapumziko badala ya malipo ya saa za ziada". Ni refu, nakubali, na kwenye gumzo la saiti halitaishinda ofu kamwe. Lakini neno "malipo" likidondoka, hesabu hudondoka nalo.

Tazama hesabu yenyewe. Mshahara wa msingi wa mtunza stoo wetu ni shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa wiki ya saa 45: nane kila siku ya kazi na tano Jumamosi, saa ya chakula ikiwa haimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.3333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Inatoka shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000. Saa zake 40, ambazo ziko ndani ya kikomo cha 50 kwa wiki nne, zimezaa 120,000.

Bosi mwema atamwambia: "Saa 40 ni siku tano, nenda kavune." Inasikika kama haki, kumbe siku tano za saa nane zina thamani ya 80,000 tu. Ili mapumziko yalingane na malipo yanayoyabadilisha, zinahitajika saa 60: wiki nzima ya kazi, na karibu siku mbili zaidi. Sheria ya Afrika Kusini imeliandika hilo waziwazi: kwa makubaliano, saa moja ya ziada inaweza kulipwa kwa dakika 90 za mapumziko yenye mshahara.

Yetu haisemi hivyo. Kwa saa za ziada inataja malipo. Kubadilishana muda kwa muda inakuruhusu kwenye pumziko la wiki: kwa makubaliano ya maandishi, linaweza kupunguzwa saa nane iwapo la wiki inayofuata litaongezwa vivyo hivyo. Ndiyo maana barua ya Milepa haidai siku, inapendekeza namna nyingine ya kulipa deni ambalo tayari lipo. Mwajiri akikataa mapumziko, fedha ziko palepale.

Barua hiyo iambatane na nakala ya daftari la mahudhurio lililosainiwa na fomeni kila jioni, maana kumbukumbu iliyoandikwa mwishoni mwa mradi hubishaniwa. Itaje saa 40, kiwango cha moja na nusu, tarehe za kupumzika, na sentensi moja zaidi: "Saa zitakazobaki bila kutumika hadi mwisho wa tarehe hizo zilipwe pamoja na mshahara wa mwezi huo." Sentensi hii inalinda dhidi ya ahadi ya "subiri mradi uishe". Mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na mkandarasi akishahamisha mitambo, siku hizo huisha upesi kuliko mavuno.