Jani jeusi linasema nini? Historia ya jaribio la Sachs

Wenzangu, karibu wote tuliofanya biolojia kwenye sekondari tuliandika ile sentensi: "Jani limegeuka bluu nyeusi, kwa hiyo usanisinuru umefanyika." Prof anasoma, siye tunaandika, na pointi zinakuja. Lakini sentensi ile inaruka hatua moja, na wana-sayansi wa karne ya 19 waligombana juu ya hatua hiyo hiyo.

Mwenye jaribio ni Mjerumani Julius Sachs, aliyezaliwa mwaka 1832. Mbele yake watu walikuwa wameshaona kwa darubini punje za wanga, ile amido, ndani ya vijani vidogo vya seli, yaani kloroplasti. Hakuna aliyejua vizuri zinatoka wapi. Karibu na mji wa Bonn, kati ya 1862 na 1864, Sachs aliweka mimea gizani na wanga ukapotea. Akairudisha kwenye mwanga, wanga ukarudi. Alipofunika sehemu ya jani, ile iliyopata mwanga njo iliyokuwa na wanga.

Mwaka 1884, akiwa Würzburg, alitangaza njia rahisi ya kupima jani zima bila darubini. Ile ya darasani kwetu ni mtoto wake. Tuchukue mche wa sombe ndani ya chungu. Unauweka gizani siku mbili. Halafu unafunga kipande cha karatasi nyeusi juu ya jani moja, na unaacha mche kwenye jua saa tano au sita. Unakata jani, unalichemsha katika maji dakika moja ili life. Kisha unalitia katika alkoli iliyo ndani ya chombo cha maji ya moto, mbali na moto wenyewe maana alkoli inashika moto haraka. Rangi ya kijani inatoka, jani linabaki jeupe na gumu. Unalilainisha kwa maji ya vuguvugu, unamwaga matone ya iyodi. Palipo wanga panageuka bluu nyeusi, pasipo wanga panabaki na rangi ya kahawia ya iyodi.

Sasa tusome matokeo. Palipofunikwa ni kahawia, pembeni ni nyeusi. Kama palipofunikwa napo ni peusi, usikimbilie kusema mwanga hauna kazi. Uliza kwanza: mche ulikaa gizani vya kutosha? Sachs mwenyewe aliona kwamba jani linakuwa na wanga jioni na linaupoteza usiku. Bila zile siku mbili, unapima wanga wa jana.

Kuna swali lingine. Karatasi imezuia mwanga, lakini si imezuia hewa pia? Njo maana jani la pili linafungwa kipande cha plastiki inayopitisha mwanga, kwa ukubwa ule ule. Likigeuka jeusi chini ya plastiki, basi kosa si la kufunika, ni la giza.

Hapo Sachs alitoa hitimisho lake: wanga ni kitu cha kwanza kinachoonekana kutokana na kazi ya jani kwenye mwanga. Mambo yakaonekana yamekwisha. Kumbe mwaka 1883 Josef Boehm alikuwa ameshaonyesha jambo la kushangaza: alichukua majani yasiyo na wanga, akayalisha maji ya sukari gizani, na majani yakatengeneza wanga.

Fikirini hapo. Kama jani linaweza kutengeneza wanga gizani likipewa sukari, basi mwanga hauhitajiki kwa kutengeneza wanga wenyewe. Mwanga unahitajika kwa kutengeneza sukari. Wanga ni ghala tu: sukari inapozidi, jani linaiweka humo. Ile ndiyo hatua sentensi yetu iliyoiruka.

Ushahidi wa upande wa pili uko jikoni. Chukua jani la kitunguu lililokaa juani mchana kutwa, ulipime kwa iyodi: linabaki kahawia. Je, kitunguu hakifanyi usanisinuru? Kinafanya vizuri kabisa, ila majani yake yanaweka akiba kama sukari, na iyodi haioni sukari. Mwanafunzi anayefuata sentensi ya darasani atasema kitunguu kinaishi bila mwanga.

Kwa hiyo jani jeusi linasema: hapa kuna wanga. Ukiongeza zile siku mbili za giza, linasema: wanga huu ni wa leo. Ukiongeza plastiki, linasema: mwanga ndio ulioleta tofauti. Na jani la kahawia linasema tu kwamba hakuna wanga. Sababu ni lazima uitafute mwenyewe. Kesho ukisimama mbele ya wanafunzi, waambie waandike hivyo, hata kama sentensi itakuwa ndefu.