Mashine ya Pumzi Mbele ya Papa, Mafakihi na Marabi

Agosti 1952 jiji la Kopenhagen lilikuwa limeshikwa na polio. Kwenye hospitali ya Blegdam, iliyopokea wagonjwa wa kuambukiza, watu waliletwa kwa makumi kila siku, na baadhi yao misuli ya kifua na koo ilikuwa imepooza. Pafu la chuma, lile sanduku kubwa ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikibaki nje, lilikuwa moja tu, pamoja na vifaa sita vidogo vya kufungwa kifuani. Katika wiki za mwanzo wagonjwa 31 walioshindwa kupumua walitibiwa kwa vifaa hivyo, na 27 wakafa.

Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akapendekeza njia aliyoizoea katika chumba cha upasuaji: koo litobolewe, bomba la mpira liingizwe, liunganishwe na mfuko wenye hewa na oksijeni, kisha mtu aketi kitandani na kuuminya mfuko kwa mkono. Tarehe 27 Agosti alimjaribia msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, na msichana yule akanusurika. Mashine za kuifanya kazi ile hazikuwapo, kwa hiyo waliitwa wanafunzi wa udaktari. Wapatao 1,500 walipokezana zamu mchana na usiku, kila mmoja akimpumulia mgonjwa wake kwa viganja vyake. Vifo vikapungua sana.

Miaka michache baadaye mota ilichukua nafasi ya mkono, na hapo ndipo shida mpya ilipoanza. Mgonjwa wa polio alikuwa na akili timamu na matumaini ya kupata nguvu tena. Lakini sasa bomba liliingizwa pia kwa mtu aliyepasuka fuvu barabarani, ambaye hakuzinduka siku ya kwanza, wala ya kumi, wala ya thelathini. Moyo ulipiga kwa sababu mashine ilisukuma hewa. Nani aizime, na akiizima amefanya nini?

Wanafunzi wa maadili ya tiba wanapotakiwa kuandika ripoti juu ya dini na mwisho wa uhai, wengi huchora jedwali: safu ya Ukatoliki, safu ya Uislamu, safu ya Uyahudi, na ndani yake ndiyo na hapana. Jedwali ni la haki kwa maana kwamba kila dini hupata nafasi sawa. Lakini linaficha jambo ambalo historia hii inalionyesha wazi, kwamba mbele ya mashine ileile kila dini ilijiuliza swali lake, tofauti na la jirani.

Swali la kwanza lilitoka Innsbruck, Austria. Bruno Haid, aliyeongoza madaktari wa usingizi katika kliniki ya upasuaji ya huko, alimwandikia Papa Pio wa 12. Alitaka kujua mambo matatu. Je, daktari ana haki au wajibu wa kutumia mashine kwa kila mgonjwa, hata asiye na tumaini? Je, anaweza kuiondoa kabla damu haijaacha kuzunguka, familia ikimwomba? Na mtu aliyezama katika usingizi wa kutozinduka, ambaye uhai wake unategemea mashine, ahesabiwe amekufa lini?

Papa alijibu tarehe 24 Novemba 1957, akihutubia madaktari wa usingizi mjini Roma. Hakuhitaji kubuni kanuni mpya. Katika karne ya 16 Francisco de Vitoria, mwanateolojia wa Salamanca, alikuwa ameshafundisha kwamba mgonjwa ni lazima ale, lakini halazimiki kula kuku na vyakula vya gharama, hata kama daktari anamhakikishia kuwa vitamwongezea miaka 20. Kutoka hapo Kanisa lilitofautisha njia za kawaida za kutunza uhai, ambazo ni wajibu, na njia zisizo za kawaida, ambazo mtu anaweza kuzitumia au kuziacha. Kipimo kilikuwa mzigo unaomwangukia mgonjwa na watu wake, kwa kuzingatia mtu, mahali na wakati.

Pio aliiweka mashine ya pumzi katika kapu la pili. Familia ikiona mzigo haubebeki, alisema, inaweza kumtaka daktari aache, naye anaweza kuwakubalia kihalali, kwani huko si kuua. Mgonjwa anakufa kwa ugonjwa wake. Swali la tatu alilirudisha kwa waliouliza: saa ya kifo ni ya daktari kuitamka, Kanisa halina ujuzi huo.

Jibu hilo lilikaa karibu miaka 20 kabla ya kupimwa hadharani. Aprili 1975 Karen Ann Quinlan, binti wa miaka 21 wa New Jersey, alizimia baada ya kuchanganya pombe na dawa za kutuliza, na hakuzinduka tena. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki. Padri wao aliwaeleza mafundisho ya Pio, na baada ya miezi ya kusitasita waliomba mashine iondolewe. Madaktari walikataa, kwa sababu ubongo wa binti ulikuwa umeharibika lakini haukuwa umekufa. Mahakama ya chini iliwaunga mkono madaktari. Tarehe 31 Machi 1976 Mahakama Kuu ya jimbo ilimpa baba haki ya kuamua, na ndani ya hukumu majaji waliizungumzia hotuba ya 1957. Mwezi Mei aliachishwa mashine, akaendelea kupumua mwenyewe. Aliishi hadi Juni 1985. Muda wote huo alilishwa kwa mpira, na baba yake hakuomba uondolewe. Kwake bomba la hewa lilikuwa njia isiyo ya kawaida, na mpira wa chakula haukuwa hivyo.

Kwa Waislamu swali la mzigo halikuwa zito kiasi hicho, kwa kuwa wengi wa mafakihi wa zamani hawakuhesabu matibabu kuwa wajibu hata kidogo. Walikumbuka hadithi ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume, akapewa hiari ya kuombewa apone au kusubiri kwa malipo ya Pepo, naye akachagua subira. Mtu asiyelazimika kuanza tiba halazimiki kung'ang'ana nayo. Kilichowakeresha mafakihi ni swali la tatu la Haid, lile ambalo Papa aliwaachia madaktari. Katika sheria ya Kiislamu saa ya kifo haiishii kwenye cheti. Inafungua eda, inagawa mirathi.

Oktoba 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Amman, Jordan. Lilikata kwamba mtu amekufa kisheria ikiwa moyo na pumzi vimesimama kabisa, au ikiwa kazi zote za ubongo zimekoma, mabingwa wakathibitisha kuwa hazirudi, na ubongo umeanza kuoza. Katika hali hiyo ya pili mashine inaweza kuondolewa hata kama moyo bado unapiga kwa msaada wake. Mwaka uliofuata baraza jingine la fiqhi, la Rabita ya Makka, lilikubali mashine iondolewe katika hali hiyohiyo, lakini likakataa kuita hali hiyo kifo. Kwao mtu hajafa mpaka moyo na pumzi visimame baada ya kuondoa mashine.

Msomaji anaweza kuona tofauti hiyo kuwa ya maneno tu, maana mashine inazimwa pande zote mbili. Basi tuchukue mfano. Mzee mwenye wana wawili anathibitishwa Jumatatu kuwa ubongo wake umekufa. Jumatano mwanawe mkubwa, mwenye watoto wa kiume, anafariki ajalini. Alhamisi mashine ya mzee inaondolewa na moyo wake unasimama. Kwa azimio la Amman mzee alitangulia: mkubwa alimrithi baba yake akiwa hai, na fungu lake linakwenda kwa warithi wake, wakiwemo watoto wake. Kwa azimio la Makka aliyetangulia ni mwana. Mzee ndiye anayemrithi, kwa sudusi ya mali yake, na mzee akifa Alhamisi wajukuu wanazuiwa na ami yao aliye hai. Wajukuu walewale, mali ileile, na siku tatu za mashine zimewatoa kwenye mirathi ya babu. Eda ya mjane wa mzee nayo, miezi minne na siku kumi, inaanza siku tofauti.

Nyuma ya hayo kuna mgonjwa ambaye ubongo wake haujafa lakini hana tumaini. Mwaka 1409 wa Hijria kamati ya fatwa ya Saudi Arabia ilisema si lazima kumhuisha mgonjwa wa namna hiyo moyo ukisimama, iwapo madaktari watatu wajuzi na waaminifu wamekubaliana kuwa tiba haifai kitu. Uamuzi uliwekwa juu ya mabega ya madaktari, si ya jamaa. Mtu aliyezoea hukumu ya Quinlan, ambako baba ndiye aliyepewa neno la mwisho, ataona hapa njia inageuka.

Wayahudi walianza na chumvi. Katika karne ya 16 Rabi Moses Isserles wa Krakow aliandika kwamba ni haramu kumharakisha anayekata roho, hata kwa kumsogeza. Lakini kama kuna kitu kinachoizuia roho kutoka, mfano mlio wa mpasua kuni nje ya nyumba, au chumvi iliyowekwa ulimini, kinaweza kuondolewa. Kwa karne nne ilikuwa kanuni ya pembeni. Mashine ilipofika, marabi wakalazimika kuamua: hii ni chumvi, au ni pumzi yenyewe? Rabi Haim David Halevi wa Tel Aviv alisema ni chumvi, iondolewe. Wengi wengine walisema kung'oa bomba kwa mtu anayeishi kwalo ni kitendo cha mkono, na mkono huo unaua.

Mkwamo huo ulitatuliwa kwa saa. Rabi Eliezer Waldenberg wa Yerusalemu alikuwa amependekeza mashine ifungwe kifaa cha kujizima baada ya muda, ili kuendelea nayo kuhitaji kuiwasha upya. Mwaka 2000 serikali ya Israeli iliunda kamati ya watu 59 chini ya Avraham Steinberg, daktari wa mishipa ya fahamu ambaye pia ni rabi. Walitoka pande zote, wacha Mungu na wasioshika dini, na sheria iliyotokana na kazi yao ilipitishwa Desemba 2005. Humhusu mgonjwa asiyetarajiwa kuishi zaidi ya miezi sita. Tiba ya mfululizo haikatizwi. Tiba ya vipindi, kama kusafisha damu, inaweza kutorudiwa. Na mashine ya pumzi ikiunganishwa na saa huhama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili: kipindi kinapokwisha, king'ora hulia, na mgonjwa aliyekataa kuongezewa maisha haongezewi kipindi kingine. Hakuna aliyezima, kuna ambaye hakuwasha. Wakosoaji wameita huo ujanja. Mimi nauona kuwa uaminifu kwa mpaka ambao kila mshiriki aliweza kuukubali, ingawa miaka mingi baada ya sheria vifaa vyenyewe vilikuwa bado havijaenea mahospitalini.

Sheria hiyo ilishika kwa nguvu chakula na maji, ikavihesabu kuwa haki ya mgonjwa isipokuwa katika siku za mwisho kabisa. Karibu miaka miwili kabla yake, Machi 2004, Papa Yohane Paulo wa 2 alikuwa ametamka kwamba kumlisha kwa mpira mgonjwa asiyezinduka ni, kimsingi, njia ya kawaida na ya lazima, na wanateolojia Wakatoliki wakaanza kubishana upya juu ya kuku wa Vitoria. Kufikia hapo mashine ya pumzi ilikuwa karibu imepata majibu yake, na ubishi ulikuwa umehamia kwenye mpira wa chakula.