Nduthi ya Mkopo: Maswali 5 Kabla Usaini

Wasee wa Port Reitz mnaosaka nduthi ya mkopo, ajenti akikutumia ile PDF, ruka picha za mbele uende kwa masharti. Tuseme mkopo ni 120,000, miezi 12, riba 3% kwa mwezi. Hizi figa ni za mfano tu. Toa majibu ya haya maswali kwanza, kisha ndio ushike kalamu.

1. Doo ngapi inanifikia?
Kama ada ya fomu ni 6,000, traka 9,000 na bima 5,000, na zote zinakatwa juu, ya kununua nduthi imebaki 100,000. Riba lakini bado inahesabiwa kwa 120,000.

2. Riba inahesabiwa aje?
Hapa ndio wengi huchomeka. Ukiona "flat rate", utalipa 3% ya 120,000 kila mwezi, hata ukiwa umebakisha elfu kumi pekee. Hiyo ni 3,600 mara 12, yaani riba ya 43,200 na jumla ya 163,200. Ukiona "reducing balance", riba inakatwa kwa deni lililobaki tu, so 3% ileile inazaa riba ya kama 24,700. Tofauti inapita 18,000! Ajenti akikwambia "ni kama 450 tu kwa siku," zidisha na siku 365 ujionee.

3. Nikichelewa?
Uliza faini ni ngapi, nduthi inachukuliwa baada ya siku ngapi, na nani analipia kuivuta na kuiweka yadi. Uliza pia: ikipigwa mnada na pesa isitoshe deni, salio nitadaiwa mimi? Mara nyingi jibu ni ndiyo.

4. Bima inalinda nani?
Bima ya thadi pati inamlipa uliyemgonga, haikulipii nduthi yako. Ikiibwa Magongo usiku, deni linaendelea kama kawa. Kama bima ni kompreshensivu, cheki kama wizi umo ndani. Kumbuka mkopeshaji ndiye kawaida hulipwa kwanza, wewe unapata kilichobaki, kama kipo.

5. Nikimaliza mapema?
Kwenye flat rate, uliza kama riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Isipofutwa, kukimbiza deni hakukusaidii kitu. Alafu kuna logbuku: mkopeshaji huwekwa kwenye usajili wa NTSA pamoja na wewe. Uliza jina lake litatolewa baada ya siku ngapi ukishamaliza, na ada ya kulitoa ni ya nani. Bila hiyo, kuuza nduthi ni noma.

Majibu yote matano yaandike kwa karatasi moja, na ajenti aweke sahihi yake hapo. Kama kwa mdomo anakubali lakini kalamu anaikwepa, soma mkataba upya: kinachokubana ni kile kilichoandikwa, si stori za steji.