Kosa la mcheza kamari na imani ya ngekewa

Kosa la mcheza kamari ni kudhani kwamba tokeo la kubahatisha lililokawia limekaribia kwa sababu tu limekawia. Sarafu ikiangukia kichwa mara tano mfululizo, mwenye kosa hili huona kwamba sasa ni zamu ya upande wa pili, ilhali sarafu haina kumbukumbu ya mirusho iliyopita. Imani ya ngekewa huelekea kinyume chake: aliyeshinda mara kadhaa huonekana kana kwamba bahati imemwandama, na ushindi mwingine hutarajiwa kutoka kwake. Katika istilahi ya kwanza, neno kosa linafaa kuliko uongo, kwa kuwa hakuna anayemdanganya mwenzake. Hesabu ndiyo iliyokwenda upande. Katika ya pili, ngekewa ni neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tayari kwa bahati njema.

Kisa kinachoonyesha kosa la kwanza kwa uwazi mkubwa ni cha namba 53 katika bahati nasibu ya taifa ya Italia. Wakati huo droo ilichezeshwa mara mbili kwa wiki katika miji kumi, na kila mji ulitoa namba 5 kati ya 90. Mjini Venezia, namba 53 ilitoka mwezi Mei 2003, kisha ikapotea. Miezi ilivyopita ndivyo watu walivyozidi kuiwekea dau, wengine kwa akiba ya familia na wengine kwa fedha za kukopa, wakiamini kwamba haiwezi kukawia zaidi. Ilipotoka tena, tarehe 9 Februari 2005, droo 182 zilikuwa zimepita, na dau lililowekwa juu yake lilikuwa limezidi euro bilioni 3. Kuna waliofilisika, na vilio viliingia katika baadhi ya nyumba.

Nafasi ya namba 53 kutoka Venezia katika droo yoyote ilikuwa 5 kwa 90, yaani 1 kwa 18. Ilikuwa hivyo siku ya kwanza ya kungojwa, na ilikuwa hivyo asubuhi ya tarehe 9 Februari. Aliyeanza kuifuata baada ya droo 100 alikuwa na uwezekano wa takribani asilimia 36 wa kupitisha droo 18 nyingine bila kuiona, sawa kabisa na aliyeanza kuifuata ilipotoka mara ya mwisho. Juu ya hayo, aliyeipata alilipwa karibu mara 11 tu ya dau lake, wakati malipo ya haki kwa nafasi ya 1 kwa 18 yangekuwa mara 18. Kwa wastani, basi, kila euro 100 iliyowekwa ilirudisha kama euro 60, na kungoja kwa muda mrefu hakukubadilisha chochote katika hesabu hiyo.

Waliocheza wangeweza kujibu kwamba kukosekana mara 182 ni jambo la ajabu mno kuwa la kawaida. Jibu hilo lina nguvu, na ndiyo maana linahitaji kupimwa kwa hesabu. Uwezekano wa namba moja katika mji mmoja kukosekana droo 182 mfululizo ni kama 1 kwa 33,000. Lakini namba zilizongojwa hazikuwa moja. Kila siku ya droo, miji kumi ilitoa namba 50, na kila moja ya hizo 50 ilianza kungojwa upya. Kwa droo mbili kwa wiki, mwaka mmoja ulianzisha vipindi vya kungoja vipatavyo 5,200. Ukigawanya 33,000 kwa 5,200, unapata kwamba ukawiaji wa namna hii ulipaswa kutokea mahali fulani nchini mara moja katika kila miaka sita au saba. Macho ya watu yaliielekea namba 53 kwa sababu ndiyo iliyokuwa imekawia, kisha ukawiaji huohuo ukachukuliwa kuwa dalili.

Mzizi wa kosa ni kuelewa visivyo kanuni iliyo sahihi. Ni kweli kwamba sarafu ikirushwa mara nyingi, sehemu ya vichwa hukaribia nusu. Wengi hudhani kwamba hilo hutokea kwa kulipa deni, yaani vichwa vilivyozidi hufidiwa baadaye na upande wa pili. Sivyo. Tuseme mirusho kumi ya mwanzo imetoa vichwa vitupu, na mirusho 1,000 inayofuata ikaleta vichwa 500 kama inavyotarajiwa. Jumla ni vichwa 510 kati ya 1,010, yaani asilimia 50.5. Ziada ya mwanzo haikulipwa hata kidogo; imemezwa tu na wingi wa mirusho iliyofuata.

Imani ya ngekewa haiwezi kukataliwa kwa hoja hiyohiyo, kwa kuwa mara nyingi humhusu mtu mwenye ustadi, na mtu ana kumbukumbu, uchovu na kujiamini. Mwaka 1985, Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky walichunguza mitupo ya wachezaji wa mpira wa kikapu wakahitimisha kwamba aliyefunga mara tatu mfululizo hakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufunga tena. Mwaka 2018, Joshua Miller na Adam Sanjurjo walionyesha kwamba njia ile ya kupima ilikuwa na upogo uliopunguza dalili za mfululizo, na ulipoondolewa, alama za ngekewa zilijitokeza katika baadhi ya data. Kwa mchezaji, basi, swali lingali wazi kupimwa. Kwa mpira wa ruleti au namba za droo hakuna cha kupima.

Mahali ambapo kosa la mcheza kamari na imani ya ngekewa hukutana pamegunduliwa katika kubeti. Mwaka 2014, Juemin Xu na Nigel Harvey walichapisha uchambuzi wa dau zaidi ya nusu milioni zilizowekwa mtandaoni na watu 776. Waliokuwa wameshinda mfululizo walishinda mara nyingi zaidi katika dau lililofuata, na walioshindwa walizidi kushindwa, kana kwamba ngekewa na nuksi vipo kweli. Sababu ilikuwa katika chaguo lao wenyewe. Aliyeshinda alihofu kwamba zamu ya kupoteza imefika, akachagua dau salama lenye malipo madogo. Aliyepoteza aliona ushindi umekaribia, akachagua dau la hatari lenye malipo makubwa. Kosa la mcheza kamari ndilo lililotengeneza sura ya ngekewa.

Anayetazama mikeka iliyoshinda na iliyochanika hana budi, kwa hiyo, kutazama malipo pamoja na idadi ya ushindi. Mtu aliyeweka dau tano za shilingi 1,000 kwa malipo ya 1.25 na kushinda nne anarudishiwa shilingi 5,000. Mwenzake aliyeweka dau tano kama hizo kwa malipo ya 5.00 na kushinda moja tu anarudishiwa shilingi 5,000 vilevile. Wa kwanza ataitwa mwenye ngekewa na wa pili mwenye nuksi, ingawa wote wametoka na kile walichoingia nacho.