Taarifa ya nani?

Neno "taarifa", linapotumika katika kampuni ya kuuza unga kwa jumla yenye maghala matatu, hubeba mahitaji ambayo mfumo mmoja hauwezi kuyatimiza. Mfumo wa kuchakata miamala, yaani ule unaorekodi papo hapo kila mauzo, malipo na mzigo unaotoka ghalani, humpa karani orodha ya ankara za siku, na muamala ukikatika katikati sharti ufutwe wote, la sivyo mzigo utapungua katika hesabu ya ghala bila deni la mteja kuandikwa. Meneja wa ugavi anayepima kama ahamishe magunia 400 kutoka ghala moja hadi jingine hasaidiwi na orodha hiyo, hata iwe ndefu kiasi gani. Anahitaji mfumo wa kusaidia uamuzi, ambao huchukua kumbukumbu zilezile na kumwezesha kubadili nauli au makadirio ya mauzo ili aone gharama inavyopanda au kushuka, ingawa uamuzi hubaki wake. Mkurugenzi mkuu hutumia mfumo wa taarifa za watendaji wakuu, wenye viashiria vichache, kama vile madeni yaliyozidi siku 60, ambavyo huweza kuvifungua hadi kufikia ghala, kisha mteja. Kiashiria hicho kikitofautiana na jumla ya ankara zilizozidi siku 60 bila kulipwa, kasoro hutafutwa kwanza kwenye miamala.