Bei isiyo na tarehe: kutoka zaire ya zamani hadi simu ya fundi wa Katuba

Wandugu, shangazi yangu ni fundi wa kushona hapa Katuba. Siku moja mteja alimrudishia ujumbe wake mwenyewe wa miezi minne nyuma: "Robe ya arusi 35 dola. Avansi nusu." Chini yake mteja akaandika: "Mama, njo ile bei tulisikilizana. Niko naleta wasichana watano." Hapo katikati kitambaa kilikuwa kimepanda sokoni, toka dola 15 hadi 19 kwa robe moja. Shangazi alishona kwa bei ya zamani, kwa haya tu. Kazi ambayo ingemwachia dola 80 ikamwachia 60.

Nilipoangalia ule ujumbe, niliona kwamba haukuwa na tarehe ya mwisho. Na mji wetu ulikwisha kulipa sana kwa somo hilo.

Zaire ilipoanza mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Mwezi wa 10 mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, na kila moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998 franka ikarudi: franka moja kwa zaire mpya laki moja. Katika miaka ile, bei uliyosikia asubuhi haikuwa ahadi ya jioni. Njo maana watu walizoea kutaja bei kwa dola, na mpaka leo mafundi wetu wanaandika dola hata kama wanalipwa franka.

Lakini dola ilitibu nusu ya ugonjwa. Inamlinda fundi franka ikianguka. Haimlindi kitambaa chenyewe kikipanda. Kwa hiyo orodha ya bei kwenye simu haitoshi. Inahitajika devi, yaani hati ya bei ya kazi moja, ya mteja mmoja, yenye siku ya kufa.

Tulikaa na shangazi, tukaandika upya kazi ile ile ya robe tano. Kwanza tulitenganisha bei. Robe moja: kitambaa dola 19, bitana, zipu na uzi dola 4, mikono yake dola 16. Jumla 39, na kwa robe tano 195.

Halafu avansi. "Nusu" ni mazoea tu. Nusu ya 195 ni dola 97 na nusu, lakini vitu vya kununua ni dola 23 mara tano, yaani 115. Ukichukua nusu, fundi anamkopesha mteja zaidi ya dola 17 toka mfuko wake. Mteja akipotea, hizo pia zinapotea, na robe zilizokatwa kwa vipimo vya wengine ni vigumu kuziuza. Avansi sahihi ni 115. Zile 80 zinazobaki ni mikono yake, atazipata siku ya kutoa kazi.

Muda wa bei tuliupata kwa kumuuliza muuza kitambaa: utanishikia bei hii siku ngapi? Alisema juma moja. Fundi hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Ujumbe ukawa hivi:

"Robe 5 za arusi, kitambaa changu: dola 195. Bei hii ni ya tarehe 2 hadi tarehe 8 mwezi wa 3. Avansi dola 115 kabla ya kununua kitambaa, kikishakatwa, hairudishwi. Dola 80 siku ya kuchukua. Ukilipa franka, tunahesabu kwa kiwango cha siku ya kulipa. Avansi ikifika kisha tarehe 8, naandika bei mpya. Ukikubali, jibu: Nakubali."

Lile neno la mwisho si mapambo. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ambayo bado ni msingi wa sheria yetu ya mikataba, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Bila jibu la mteja, devi ni maneno ya upande mmoja. Na fundi naye amefungwa: kitambaa kikipanda tarehe 6 na avansi iko mkononi, bei haibadiliki.

Mteja aliyefuata alisoma, akauliza: "Mama, kisha tarehe 8 inakuwa ngapi?" Shangazi akajibu: "Sijui bado, mwanangu. Njo maana nimeandika tarehe." Avansi ilifika tarehe 7.